KODI YA MALIPO YA UZEENI, NA SAA IFAAYO KUYADAI

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kupigwa chapa katika taarifa hii kwa ombi la wanachama



Halmashauri imetuagiza tuseme mbele yenu juu ya jambo ambalo limeletwa mara nyingi katika ofisi ya Chama chetu, nalo ni kodi inayokatwa katika fedha za uzeeni. Wanachama wengi hudhani kwamba kodi hii haina mlango wa kuikwepa kwa njia ya halali, kwamba mtu akiisha kufanya kazi hana budi kuiachia Serikali fungu lake. Dhana hiyo ilikuwa na ukweli siku zilizopita. Leo si hivyo. Siku hizi mara nyingi kinachoamua kama mtu atakatwa kodi au hatakatwa si wingi wa fedha zake, bali ni siku anayotia sahihi yake katika fomu ya kuzidai. Hilo ndilo neno letu kubwa, na yote yatakayofuata ni kulieleza.

Kwanza yatupasa tueleze sheria ilivyokuwa, kwa kuwa mashauri mengi yanayotembea vijiweni bado ni ya sheria ile ya zamani. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato, mstaafu aliyepokea fedha kwa mkupuo alisamehewa shilingi 600,000 za kwanza, na zilizozidi zikatozwa kodi. Aliyepokea pensheni ya kila mwezi alisamehewa shilingi 25,000 za mwezi, yaani 300,000 za mwaka, na zilizozidi zikatozwa vilevile. Ni wale tu waliotimiza umri wa miaka 65 waliopokea pensheni yao pasipo kukatwa kitu. Ndiyo sababu wazee walikuwa wakipiga hesabu nyingi: mkupuo uwe kiasi gani, pensheni iwe kiasi gani, ili kila fungu likae chini ya mpaka wake.

Tarehe 27 Desemba 2024 mambo yaligeuka. Siku hiyo ilianza kutumika sheria mpya ya kurekebisha sheria za kodi, nayo ilisamehe kabisa malipo yanayotoka katika mfuko wa uzeeni ulioandikishwa, pamoja na Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, maadamu mwanachama amefika umri wa kustaafu uliowekwa na kanuni za mfuko wake. Msamaha huo haubagui mkupuo wala pensheni ya mwezi, wala haungoji mtu afike miaka 65. Tena sheria hiyo ikafungua milango mingine miwili kwa wale ambao hawajafika umri wa kustaafu. Mlango wa kwanza ni wa mtu anayeacha kazi kwa sababu ya ugonjwa. Mlango wa pili ni wa mtu anayetoa fedha zake baada ya kupita miaka 20 tangu alipoandikishwa kuwa mwanachama wa mfuko huo.

Basi, ndugu zetu, milango ni mitatu: umri, ugonjwa, na miaka 20. Apitaye katika mmojawapo haguswi na kodi. Apitaye dirishani, yaani anayezitoa fedha kabla ya wakati na pasipo sababu hizo, bado anakatwa, na tena anakatwa kwa viwango ambavyo wengi hawavijui mpaka fedha zimekwisha kuingia benki zikiwa pungufu. Msimamizi wa mfuko hukata kodi hiyo yeye mwenyewe na kuipeleka kwa Mamlaka ya Mapato kabla ya kumlipa mwanachama. Hapana barua ya kudaiwa, wala hapana mtu abishaye hodi. Ndiyo maana mtu huweza kukatwa laki na zaidi asijue kwamba angalingoja kidogo asingalikatwa hata senti.

Hesabu ya huyo apitaye dirishani huanza hivi. Kwanza husamehewa shilingi 60,000 kwa kila mwaka kamili wa utumishi wake katika mfuko, lakini msamaha huo hauvuki shilingi 600,000, maana yake ni kwamba hukoma katika mwaka wa kumi. Fedha zinazobaki ndizo zinazotozwa. Aliyekaa katika mfuko kwa miaka iliyopita 15 hutozwa kwa ngazi nyepesi kidogo: asilimia 10 katika shilingi 400,000 za kwanza, asilimia 15 katika 400,000 zinazofuata, na asilimia 20 katika 400,000 za tatu, kisha viwango vikaendelea kupanda. Yule ambaye hajatimiza miaka 15 hutozwa kama mshahara unavyotozwa: asilimia 10 katika shilingi 288,000 za kwanza, asilimia 25 katika 100,000 zinazofuata, na baada ya hapo asilimia 30 na kuendelea.

Sasa tuchukue mfano mmoja tuufuate hatua kwa hatua. Tuseme yuko fundi wa mitambo, umri wake miaka 47, aliyeandikishwa katika mfuko wa kiwanda chake mwezi wa Machi 2008. Mwezi wa Aprili 2026 kiwanda kinapunguza watu, naye ni mmoja wao. Ametimiza miaka 18 katika mfuko. Kanuni za mfuko zinasema umri wa kustaafu ni miaka 60. Sehemu ya akiba ambayo anaruhusiwa kuichukua mara moja ni shilingi 1,800,000, na iliyobaki imefungwa mpaka atakapofika umri huo.

Akitaka kuzichukua zote siku ile ile, hesabu yake ni hii. Ondoa shilingi 600,000 za msamaha, zinabaki 1,200,000 za kutozwa. Laki nne za kwanza zinatoa kodi ya shilingi 40,000. Laki nne za pili zinatoa 60,000. Laki nne za tatu zinatoa 80,000. Jumla ni shilingi 180,000. Atapokea 1,620,000, na zile 180,000 hatazipata tena.

Lakini angalieni tarehe. Huyu fundi anapungukiwa na mwaka mmoja na miezi kumi na moja tu ili atimize miaka 20 katika mfuko. Akiziacha fedha zake pale pale hata Machi 2028 ipite, ndipo azidai, atapita katika mlango wa tatu, na zile 1,800,000 atazipokea bila kukatwa kodi, pamoja na faida yo yote zitakayokuwa zimezaa ndani ya mfuko kwa muda huo. Kuacha kazi hakumtoi katika mfuko. Hubaki kuwa mwanachama ambaye malipo yake yameahirishwa, na miaka yake huendelea kuhesabiwa.

Tunajua neno ambalo baadhi yenu mmekwisha kulisema moyoni: mtu aliyepoteza kazi atakula nini miaka miwili? Neno hilo ni la haki, na hatutalipita. Mtu mwenye watoto shuleni na kodi ya nyumba ya kulipa hawezi kuambiwa akae akitazama tarehe. Kwa ajili yake iko njia ya katikati, endapo kanuni za mfuko wake zinamruhusu kutoa sehemu na kuacha sehemu. Achukue sasa zile shilingi 600,000 tu, ambazo zimo ndani ya msamaha wa miaka yake, na asiziguse 1,200,000 zilizobaki mpaka miaka 20 itimie. Fungu la kwanza halina kodi kwa sababu ya msamaha. Fungu la pili halina kodi kwa sababu ya miaka 20. Amepata shilingi 600,000 za kuanzia, wastani wa shilingi 26,000 hivi kwa kila mwezi wa kungoja, na kodi ya 180,000 imeondoka.

Njia hiyo ina hatari moja nayo yafaa itajwe wazi. Msamaha wa 600,000 ukiisha kutumika umekwisha. Fundi yule akirudi baada ya miezi sita kudai zile 1,200,000, atatozwa zote tangu shilingi ya kwanza, na kodi itakuwa ile ile 180,000. Kwa hiyo njia ya katikati ni ya mtu aliyekwisha kupima matumizi yake akaona kwamba fungu la kwanza litamfikisha. Asiyeweza kufika, na achukue moja kwa moja, ajue tu bei anayolipa. Tena kabla ya kutia sahihi amwombe msimamizi wa mfuko ampe kwa maandishi hesabu za njia zote mbili, zikionyesha msamaha, fedha zinazotozwa, na kodi. Msimamizi anayo hesabu hiyo, kwa kuwa ndiye mkataji.

Hapa tuonye juu ya kosa linalofanywa na watu wenye haraka. Sheria inahesabu miaka 20 tangu siku ya kuandikishwa kuwa mwanachama wa mfuko. Haihesabu miaka ya kazi kwa jumla. Mtu aweza kuwa ametumika kwa miaka 24 katika kampuni tatu, kila moja na mfuko wake, na katika kila mfuko hana hata miaka kumi. Kuhamisha akiba kutoka mfuko ulioandikishwa kwenda mfuko mwingine ulioandikishwa hakutozwi kodi, na mara nyingi ni jambo jema; lakini aliyekwisha kukaa miaka 17 au 18 mahali pamoja asihamishe kabla hajauliza, kwa barua, ni tarehe ipi ya kuandikishwa itakayoandikwa katika daftari la mfuko mpya. Akijibiwa kwamba hesabu itaanza upya, na ajiulize vema kama kuhama kwafaa. Barua ya kwanza ya kuandikishwa, na kila taarifa ya mwaka inayotolewa na mfuko, yafaa zitunzwe kama zinavyotunzwa hati za shamba.

Kwa kijana ambaye hajakaribia miaka 20, hesabu ni nyingine. Tuseme karani ametumika miaka 8 kamili, na akiba anayoruhusiwa kuichukua ni shilingi 868,000. Msamaha wake ni 60,000 mara 8, yaani 480,000. Zinabaki 388,000. Shilingi 288,000 za kwanza zinatoa kodi ya 28,800, na 100,000 zinazosalia zinatoa 25,000. Jumla ni shilingi 53,800. Huyu hatuwezi kumwambia angoje miaka 12 aketi bila kitu. Lakini kama amepata kazi nyingine, na hazihitaji fedha zile ila kwa kuwa zipo, basi na azihamishe ziende katika mfuko wa mwajiri mpya au katika mfuko wa mtu binafsi ulioandikishwa. Hatakatwa ile 53,800, na faida ya fedha hizo itaendelea kukua mahali ambapo kodi haiingii, kwa sababu mapato ya uwekezaji wa mfuko ulioandikishwa hayatozwi.

Tuje sasa kwa wale wanaokaribia umri wenyewe. Hawa ndio ambao kungoja kwao ni kufupi kuliko wote, na kwa sababu hiyo kukosea kwao kunasikitisha zaidi. Mtu wa miaka 58, ambaye mfuko wake umeweka 60, akiacha kazi kwa hiari na kudai fedha zake papo hapo, huweza kuhesabiwa kuwa ametoa kabla ya wakati, hata kama kila mtu kijijini anamwita mstaafu. Mifuko mingine ina kifungu cha kustaafu mapema tangu miaka 50, na mingine haina. Kwa hiyo kitabu cha kanuni za mfuko ndicho cha kusomwa kwanza, kabla ya barua ya kuacha kazi kuandikwa. Mwulizeni mdhamini au msimamizi swali moja lililo wazi: nikilipwa siku fulani, malipo yangu yataandikwa chini ya kifungu gani, na je, yatakatwa kodi? Jibu liwe la maandishi.

Vivyo hivyo iangalieni sana fomu ya madai. Ndani yake pana mahali pa kutaja sababu ya kutoka kazini. Mtu aliyelazimishwa na maradhi kuacha kazi, akaandika tu kwamba ameacha kazi, ameufunga mlango wa pili kwa mkono wake mwenyewe. Sharti sababu ya ugonjwa iandikwe, na cheti cha daktari kiambatishwe, na barua ya mwajiri ikubaliane na cheti hicho. Ikiwa mwajiri ameandika sababu nyingine, iombwe barua iliyosahihishwa kabla fomu haijapelekwa. Kusahihisha kabla ya malipo ni kazi ya siku chache. Kudai kodi irudishwe baada ya kupelekwa serikalini ni kazi ya miezi.

Katika kustaafu kwenyewe, wako wanachama wanaotuuliza: je, nichukue mkupuo mkubwa au pensheni kubwa? Mfuko wa pensheni kwa kawaida humruhusu mstaafu kuchukua hata theluthi moja kwa mkupuo, na mbili zilizobaki hulipwa kila mwezi. Mfuko wa akiba hulipa zote kwa mara moja. Zamani kodi ilisaidia kuamua. Leo mkupuo na pensheni zote zimesamehewa kwa aliyefika umri wake, na yule anayewaambia msichukue zaidi ya shilingi 600,000 kwa kuogopa kodi anawasomea sheria iliyokwisha. Amueni kwa mahitaji yenu.

Hata hivyo, jambo moja la kodi limesalia. Kilichosamehewa ni malipo ya uzeeni. Matunda ya fedha hizo zikiisha kutoka hayakusamehewa. Mstaafu akiweka shilingi 1,000,000 benki kwa faida ya asilimia 8, atapata 80,000 kwa mwaka, na benki itakata asilimia 15 ya faida hiyo, yaani shilingi 12,000. Akijenga vyumba vya kupangisha, mapato ya pango yana kodi yake. Akiajiriwa tena, mshahara unatozwa kama wa mtu mwingine ye yote. Basi fedha ambazo mtu hana kazi nazo mara moja hazina haja ya kukimbizwa nje ya mfuko, kama kanuni zinaruhusu zikae.

La mwisho ni la wale walio kazini bado. Sheria ile ya Desemba 2024 iliongeza pia kiasi cha mchango ambacho huondolewa katika mshahara kabla ya kodi kuhesabiwa. Kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, sasa ni 30,000, mchango wa NSSF ukiwamo, ila kisizidi asilimia 30 ya mshahara. Mtu mwenye mshahara wa shilingi 80,000 hutozwa asilimia 30 katika sehemu ya juu ya mshahara wake. Akiongeza mchango wa shilingi 5,000 kwa mwezi, kodi yake hupungua kwa 1,500, na mshahara anaopeleka nyumbani hupungua kwa 3,500 tu. Zamani tungalisema kwamba kodi hiyo imeahirishwa, itatozwa uzeeni. Siku hizi, kwa yule atakayengoja umri wake, haitatozwa wakati wa kuingia wala wakati wa kutoka. Mwenye miaka mitano au sita kabla ya kustaafu, na watoto wake wamekwisha kusoma, hana wakati ulio bora kuliko huo wa kuongeza mchango.

Na wazee wetu waliokwisha kustaafu kabla ya tarehe 27 Desemba 2024, wakiwa wanapokea pensheni ya mwezi, na waitazame hati ya malipo ya mwezi huu. Ikiwa walistaafu kwa umri, na bado pana mstari wa kodi, wampelekee msimamizi barua wakimwuliza sababu yake, wakiambatisha nakala ya hati. Wasiojua kuandika barua hiyo na waje ofisini kwa Katibu.

Bwana Mwenyekiti, Halmashauri yapendekeza kwamba mwanachama ye yote anayetaka kudai fedha zake za uzeeni alete kwanza kwa Katibu karatasi tatu: barua ya kuandikishwa katika mfuko, kitabu cha kanuni za mfuko, na fomu ya madai ambayo haijatiwa sahihi. Ikiisha kutiwa sahihi na kupelekwa, sisi hatuna tena la kufanya ila kusoma pamoja naye kiasi alichokatwa.